Herufi Kubwa, Jibu la Upole

"WEZI NYINYI! RUDISHENI 3,000 YANGU SAA HII, NA MNILIPE FIDIA!" Mteja alikuwa amekosea nambari. Kwetu, kumwambia mtu kama huyo "tulia" ni kumwaga petroli motoni. Tulimjibu:

"Pole sana. Tumeona 3,000 ilienda nambari inayoishia 47. Mwenyewe ameshatoa 800; 2,200 iliyobaki tumeizuia. Hatuwezi kuirudisha kabla hajakubali, maana hata wewe hungependa tuguse pesa yako bila kukuuliza. Fidia hatutalipa, lakini tutakupigia leo kabla ya saa kumi jioni."

Hasira yake tuliielewa, ila haikubadilisha jibu. Ukikosea nambari, tutumie ujumbe wa muamala mara moja, hata kwa herufi kubwa. Pesa ikishatolewa yote, hatuna cha kuzuia.