Mitwaba: Waliitwa wadeni mbele ya watu, kumbe feza yao ilikuwa ndani ya sanduku

Mama mmoja wa Mitwaba-kati aliuza kuku zake zote apate kulipa deni la franga 10.000 katika kikundi cha akiba. Jina lake lilikuwa limesomwa mbele ya watu, pamoja na majina ya memba wengine sita, na kila mmoja wao alikatwa faini ya franga 1.000. Alikuja siku ya mkutano akiwa na feza mkononi, akaiweka mezani, akampa mtunza feza kitabu chake ili apigiwe muhuri.

Mtunza feza alifungua kitabu, akatafuta nafasi ya kupiga muhuri. Hakuiona. Juma kumi na mbili zilikuwa zimepita tangu kikundi kianze, na kitabu kilikuwa na mihuri kumi na miwili. Kama mama huyu alikuwa na deni la juma mbili, nafasi mbili zingekuwa wazi. Hakukuwa hata moja.

Alipouliza, karani alimwonyesha kompyuta: “Mashine inasema ako na deni. Mashine haiwezi kudanganya.” Mama wa kuku akajibu: “Miye nililipa yote. Lakini sitaki kuitwa mwizi, mukamate tu.”

Neno hilo, “mashine haiwezi kudanganya,” ndilo linalopaswa kukatazwa katika kila kikundi cha akiba katika wilaya ya Mitwaba. Ni kweli kwamba mashine haina nia ya kudanganya mtu. Lakini inajumlisha kile inachokiona kuwa hesabu, kisichokuwa hesabu kinapitwa, na haisemi lolote. Ukimya huo ndio uliowafanya watu saba waonekane wadeni.

Kikundi hiki kina memba ishirini. Ni mchanganyiko wa wenyeji na wakimbizi wa ndani, kama vikundi vingi vya hapa. Watu wa sehemu hizi hawahitaji kukumbushwa kwa nini familia nyingi ziliacha vijiji vyao. Mitwaba ni pembe moja ya ile iliyoitwa “pembe tatu ya kifo,” pamoja na Manono na Pweto, na ni hapa Mitwaba Gédéon Kyungu Mutanga alipojisalimisha Mei 2006, kabla ya mambo kuharibika tena miaka iliyofuata. Aliyekimbia na watoto na sufuria moja hana benki wala shamba la kuweka rehani. Ana jina lake tu. Katika kikundi cha akiba, jina ndilo linalokupa mkopo.

Mapatano yao yalikuwa rahisi. Kila memba anatoa franga 5.000 kwa juma. Feza inahesabiwa mbele ya wote, inaingia katika sanduku lenye kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mtu wake. Mtunza feza anapiga muhuri katika kitabu cha memba, muhuri mmoja kwa kila franga 5.000. Karani naye anaandika katika listi. Zamani listi ilikuwa daftari. Mwaka huu wakapata kompyuta, na daftari likaachwa.

Sasa, wakimbizi kadhaa hawakai Mitwaba-kati juma zote. Mmoja anarudi kijijini kuangalia mashamba, mwingine anaenda Likasi au Lubumbashi kutafuta kibarua. Hawa wanatuma mchango wao kwa simu. Mtu wa nyumbani anaitoa kwa wakala, anaileta mkutanoni pamoja na kitabu, feza inaingia sandukuni na muhuri unapigwa. Hakuna kilichokosekana.

Karani alitaka kukumbuka ni nani aliyelipa kwa mkono na nani kwa simu. Nia ilikuwa njema kabisa. Kwa aliyeleta mwenyewe aliandika 5000. Kwa aliyetuma, katika chumba kilekile cha jedwali, aliandika “5000 simu.”

Shida yote ilitoka hapo. Binadamu akisoma “5000 simu” anaelewa franga elfu tano zilizokuja kwa simu. Jedwali la kompyuta linaona herufi ndani ya chumba, linachukua chumba chote kuwa maneno, sawa na jina la mtu. Na hesabu ya SUM, ile inayojumlisha mstari, inaruka maneno bila kutoa alama yoyote ya kosa. Mwishoni mwa mstari kuna chumba kingine kinachotoa jumla katika 60.000, yaani juma 12 mara 5.000, na kuandika kinachobaki chini ya neno “deni.”

Mtunza feza hakuyajua hayo siku ile. Alisoma hadi sekondari na hajawahi kufundishwa kompyuta. Alichokuwa nacho ni shaka, na akili ya mtu aliyezoea kuuza mihogo na kurudisha chenji. Aliomba vitabu vyote ishirini, akahesabu mihuri mbele ya watunza funguo watatu. Ilikuwa 240. Mara 5.000, ni franga 1.200.000. Jumla ya kompyuta ilikuwa 1.065.000. Tofauti ni 135.000, na hiyo ndiyo jumla ya madeni ya wale saba.

Kufika hapo bado mtu angeweza kusema kwamba mihuri ilipigwa kwa wizi, kwa ajili ya urafiki. Kwa hiyo akafungua sanduku. Feza taslimu za michango zilikuwa 480.000. Mikopo iliyokuwa mikononi mwa memba, bila faida, ilikuwa 720.000. Ukiziweka pamoja unapata 1.200.000. Zile 10.000 za kuku alikuwa ameziweka pembeni, na faini ziko katika mfuko wa misaada unaohesabiwa peke yake.

Hesabu hii inafaa kueleweka polepole. Kama watu saba kweli hawakulipa 135.000, sanduku lingekuwa na pengo la 135.000. Halikuwa na pengo. Deni la kweli linaonekana kwa feza iliyokosekana. Deni lililoko kwenye listi peke yake, na sanduku limetimia, ni kosa la listi. Ingekuwa kinyume, yaani vitabu na listi vinapatana lakini sanduku limepungua, hapo ndipo pa kuuliza kuhusu wizi, na maswali yangeanzia kwa wenye funguo.

Kisha akarudi kwenye kompyuta na kijana mmoja anayeifahamu. Waliangalia mstari wa mmoja wa wale saba, mama aliyeandikiwa deni la 30.000, na jambo likaonekana kwa macho: hesabu sita zilikuwa zimeegemea upande wa kuume wa vyumba vyao, sita nyingine upande wa kushoto, mahali maneno yanapokaa. Zote sita za kushoto zilikuwa na neno “simu.” Kijana akaandika chini ya mstari huo:

```
=SUM(C9:N9)
=COUNT(C9:N9)
=COUNTA(C9:N9)
```

Ya kwanza ilitoa 30000. Ya pili, inayohesabu vyumba vyenye hesabu tu, ilitoa 6. Ya tatu, inayohesabu kila chumba kisicho kitupu, ilitoa 12. Malipo kumi na mawili yameandikwa, sita tu yamejumlishwa. Katika jedwali zima vyumba vya “simu” vilikuwa 27, na 27 mara 5.000 ni 135.000 kamili. Walifuta neno “simu” katika vyumba vyote 27, wakalipa safu yake pembeni, na madeni yote saba yakawa sifuri papo hapo.

Kosa la karani ni dogo na linasameheka. Mtu yeyote angeandika hivyo. Kisichosameheka upesi ni yaliyofanywa na kosa hilo. Listi ilitoa majina saba, na yote saba yalikuwa ya wakimbizi wa ndani, kwa sababu wao ndio wanaotuma kwa simu. Hapo kamati ingejiuliza: mbona wenyeji kumi na watatu hawana hata franga moja ya deni, na wakimbizi saba wote wanalo?  Jambo la namna hiyo likionekana, mtu hupekua listi kwanza. Lakini jibu lilikuwa tayari katika vichwa vya watu kabla ya listi: “Hawa ni watu wa kupita, hawalipi.” Kompyuta iliwapa karatasi ya kuthibitisha kile walichokuwa wakikisema kisimani. Mama mmoja kati ya hao saba alinyimwa mkopo wa mbegu, na mvua haikumngoja.

Wapo wanaosema sasa kwamba dawa ni kutupa kompyuta. Hapana. Daftari nalo linakosewa, linalowa, linapotea wakati wa kukimbia. Kosa la kamati lilikuwa kuiweka listi juu ya kitabu chenye muhuri. Vikundi vya namna hii vilianza Maradi, huko Niger, mwaka 1991, pamoja na shirika la CARE, kati ya wanawake ambao wengi hawakujua kusoma. Hesabu zilishikwa kwa kichwa na kusemwa kwa sauti mkutanoni. Muhuri katika kitabu unafuata wazo hilohilo: bibi asiyejua herufi anaweza kuweka kidole juu ya kila muhuri na kujua ametoa mara ngapi. Katika kompyuta ya karani hawezi kuweka kidole. Ukimwambia listi ina nguvu kuliko kitabu chake, umemnyang'anya ushahidi wake, ukauweka mahali asipofika.

Na muhuri nao una mpaka wake. Ukipigwa nyumbani kwa mtu, bila feza kuhesabiwa mbele ya wote, hauna maana. Ndiyo sababu vitu vitatu vinatakiwa kusimama pamoja, kitabu, sanduku na listi, na jina la mtu lisisomwe kama mdeni kabla yote matatu hayajalinganishwa mbele yake mwenyewe. Kazi yote ya mtunza feza ilichukua mchana mmoja. Kamati ilikuwa na juma nzima kabla ya kusoma majina.

Mama wa kuku amerudishiwa 10.000 zake. Kuku hazikurudi. Karani sasa anaandika hesabu tupu katika chumba cha malipo na neno “simu” katika safu nyingine, na kila mwisho wa mwezi jumla ya listi inasomwa karibu na jumla ya mihuri. Hayo ni mazuri. Lakini majina yalisomwa mkutanoni, kwa sauti, na habari za kuyasafisha zimepelekwa nyumba kwa nyumba, kwa kunong'ona. Zile faini, franga 7.000 za watu saba, bado ziko katika mfuko wa misaada. Kamati inasema zimekwisha kuingia na ni vigumu kuzitoa. Sanduku lina kufuli tatu, na wenye funguo wote watatu wako hapa Mitwaba.