Chumvi Mbichi na Chumvi ya Kupikwa ni Ile Ile

Katika vijiji vyetu yako maneno yanayosemwa sana juu ya chumvi. Watu husema kwamba chumvi mbichi, yaani ile inayonyunyizwa juu ya chakula kilichokwisha kuiva, ndiyo inayoleta presha na ugonjwa wa moyo. Ile iliyopikwa pamoja na mboga, wanasema, haina neno. Kwa hiyo mtu anakataa katakata kuongeza chumvi wakati wa kula, lakini mboga yake imekwisha kutiwa chumvi nyingi chunguni. Anakula na kujiona yuko salama.

Mimi nayapinga maneno hayo. Moto wa kuni au wa mkaa haubadilishi chumvi. Yeyusha kijiko cha chumvi katika maji, kisha uyachemshe maji hayo mpaka yakauke. Chini ya sufuria utaikuta chumvi yako, nyeupe na kali kama ilivyokuwa. Wapika chumvi wa Uvinza walichemsha maji ya chumvi tangu zamani, na walichopata ni chumvi ile ile tunayoijua. Hata chumvi ya mawe na chumvi ya bahari ni hivyo hivyo. Wengine husema hizo hazina madhara kwa sababu hazikutoka kiwandani. Siyo kweli.

Ndani ya chumvi mna madini yanayoitwa sodiamu. Madini haya huvuta maji. Yakizidi mwilini, maji nayo huzidi katika damu, na damu hiyo husukuma kuta za mishipa kwa nguvu kubwa. Hiyo ndiyo presha. Moyo unalazimika kufanya kazi kubwa mchana na usiku, na mishipa inachakaa. Ikiziba au kupasuka kichwani, mtu anapata kiharusi. Ikiziba kwenye moyo, mtu anapata shambulio la moyo. Miaka yote hiyo mgonjwa anaweza asisikie maumivu yoyote, na ndiyo sababu maneno ya uongo juu ya presha yanadumu. Mtu hana dalili ya kumwambia kwamba amedanganyika.

Sasa msomaji ana haki ya kuuliza: tunajuaje kwamba kubadili chumvi kunazuia magonjwa haya? Pengine wanaokula chumvi kidogo ni watu waangalifu tu. Pengine hawanywi pombe nyingi, hawavuti sigara, na wanakwenda zahanati mapema. Tukiwalinganisha na wengine, hatutajua kama kilichowasaidia ni chumvi au ni hayo mengine. Dawa ya tatizo hili ni kura. Watu wakigawanywa kwa kura, waangalifu na wasio waangalifu huangukia pande zote mbili.

Huko China walifanya hivyo katika vijiji 600 vya kaskazini mwa nchi. Walichukua watu karibu 21,000. Wengi walikuwa wamewahi kupata kiharusi, na waliobaki walikuwa wazee wenye presha. Kwa kura, nusu ya vijiji viliendelea na chumvi ya kawaida. Nusu nyingine vilipewa chumvi iliyochanganywa: katika kila kilo moja, robo tatu ilikuwa chumvi ya kawaida, na robo moja ilikuwa chumvi ya madini mengine yaitwayo potasiamu. Walifuatiliwa kwa karibu miaka 5, na matokeo yakatangazwa mwaka 2021.

Katika vijiji vya chumvi ya kawaida, kwa kila watu 1,000, kulitokea viharusi karibu 34 kwa mwaka. Katika vijiji vya chumvi iliyochanganywa vilitokea 29. Vifo navyo vilipungua. Mtu anaweza kusema tofauti ya viharusi 5 ni ndogo. Lakini hao ni watu 5 ambao wangeweza kubaki kitandani, mkono mmoja umekufa, wakilishwa na watoto wao. Na ni kila mwaka.

Nalipenda jaribio hili kwa sababu wale walikuwa wanavijiji kama sisi, na chumvi yao nyingi ilitiwa jikoni kwa mkono wa mpishi. Lakini tusilivute kupita kiasi chake. Watu wale walikuwa wagonjwa au wazee. Tena yalibadilika mambo mawili kwa pamoja: sodiamu ilipungua na potasiamu ikaongezeka.

Haifai mtu aitafute chumvi ile ya potasiamu bila kumwuliza mganga. Mwenye ugonjwa wa figo anaweza kudhurika, kwa sababu figo mbovu hushindwa kuitoa potasiamu, nayo ikijaa katika damu inaweza kuusimamisha moyo. Asiye na ugonjwa wa figo anaweza kuipata potasiamu kwa njia nyingine. Imo katika maharage, kunde, ndizi, viazi na mchicha. Mwaka 1997 watafiti wa Amerika walionyesha, kwa kura vile vile, kwamba mlo wenye mboga, matunda na maziwa yasiyo na mafuta mengi hushusha presha katika muda wa majuma machache.

Upande wa kupunguza chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku. Hizo ni kama kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Lakini nani anapima chumvi kwa kijiko chungu kikiwa motoni? Njia nyepesi ni kuhesabu siku za pakiti.

Tuchukue nyumba yenye watu wazima 6. Mama amenunua pakiti ya nusu kilo, yaani gramu 500. Siku anapoifungua anaandika tarehe juu ya pakiti kwa kalamu. Baada ya siku 8 pakiti imekwisha. Gramu 500 tukizigawa kwa siku 8 tunapata kama gramu 62 kwa siku. Tukizigawa kwa watu 6, kila mmoja amekula zaidi kidogo ya gramu 10. Hiyo ni mara mbili ya kiasi kilichoshauriwa, na pengine hakuna hata mmoja aliyenyunyiza chumvi mbichi!

Kwa kiasi kinachoshauriwa, watu 6 wangetumia gramu 30 kwa siku, na pakiti ile ingedumu siku 16. Kama nyumbani mna watoto wadogo, idumu zaidi, kwa sababu wao wanahitaji chumvi kidogo kuliko wakubwa. Chumvi ya kulambisha ng'ombe au ya kukaushia samaki iwekwe mbali na pakiti hii, maana itaharibu hesabu.

Usijaribu kutoka siku 8 hadi 16 kwa mara moja. Chakula kitawashinda, na watu watarudia desturi yao ya zamani. Fanya pakiti idumu siku 10, ya pili idumu 12, na kuendelea hivyo. Ulimi huzoea baada ya majuma kadhaa, na mboga ya zamani mtaiona kali. Mama asiachiwe kazi hii peke yake. Nimeona baba akisukuma sahani na kulalamika kwamba mboga haina chumvi, na kesho yake chungu kikajazwa. Endelea kununua chumvi yenye madini joto, maana hiyo inazuia tezi la shingo.

Iko chumvi isiyohesabika katika pakiti. Dagaa na samaki wa chumvi walowekwe na maji yamwagwe kabla ya kupikwa. Magadi tunayotia katika maharage na makande nayo yana sodiamu, ingawa hayana ladha ya chumvi. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, na utaona yanaiva mapema bila magadi. Lakini mtu anayeharisha hayumo katika hesabu hii. Yeye apewe maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo alivyoelekezwa na zahanati, hata kama ana presha.

Juu ya mafuta ya kupikia, yako maneno kwamba anayetaka moyo mzima aache mafuta yote. Huko nako watu wamepita kiasi. Katika jaribio moja la Amerika, wanawake wapatao 49,000 waligawanywa kwa kura, na baadhi yao wakafundishwa kupunguza mafuta ya kila namna. Baada ya miaka kama 8, mwaka 2006, ilitangazwa kwamba magonjwa yao ya moyo hayakupungua kuliko ya wenzao. Chenye ushahidi bora ni kubadili aina ya mafuta. Mafuta yanayoganda wakati wa baridi, kama samli, mafuta ya ng'ombe na ya nazi, huongeza yale mafuta ya damu yanayoziba mishipa. Mafuta ya alizeti hayagandi hivyo, na yakichukua mahali pa yale yagandayo, hupunguza hatari. Ukiyaongeza juu ya samli hujabadili kitu.

Tunabaki na kitunguu saumu na ndimu. Kitunguu saumu kimejaribiwa. Katika majaribio kadhaa kilishusha presha kidogo, lakini majaribio hayo yalikuwa ya watu wachache na ya miezi michache. Hayakuonyesha kwamba kinazuia kiharusi au shambulio la moyo. Juu ya ndimu, wanasema maji yake asubuhi hukata mafuta mwilini, kama yanavyokata mafuta katika sahani. Ndimu haifiki kwenye mishipa ikiwa ndimu. Inameng'enywa tumboni na utumbo kama chakula kingine. Hata hivyo vitu hivi viwili nisingevitoa jikoni. Ndimu na kitunguu saumu vikitiwa katika mboga, chumvi kidogo inatosha, na hapo vinasaidia kweli.

Hofu yangu ni kwa mtu aliyepewa vidonge vya presha, akaviacha kwa sababu jirani amemwambia saumu inatosha. Akisikia vizuri, asema amepona. Presha haipimwi kwa kusikia vizuri. Anayekula saumu ale, na vidonge ameze kila siku, kisha aende zahanati akapimwe akiwa amekaa na kupumzika kwa dakika 5. Kama kipimo bado ni 140 kwa 90 au zaidi, amwambie mganga kila anachotumia, na asisahau kumwambia pakiti ya chumvi nyumbani kwake inadumu siku ngapi.