Umenunua Nyumba, Hukununua Ngazi

Kuna watu ambao wakiona karatasi imebandikwa ukutani na kugongwa muhuri, damu inawachemka. Hawaisomi kwanza. Wanauliza, "Nani huyu anayetupangia?" Hivi karibuni uongozi wa jengo moja la ghorofa huku Upanga, Dar es Salaam, ulibandika waraka wa ukurasa mmoja karibu na ngazi. Waraka ulisema mambo makubwa matatu: kila nyumba itakuwa na nafasi moja ya kuegesha gari, taka zitatolewa asubuhi ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, wala si wakati mwingine, na ngazi, korido na paa havitawekwa mali ya mtu. Adhuhuri haijafika, mkono usiojulikana ulikwisha kuandika chini yake kwa kalamu nyekundu: "Hapa nimenunua, sijapanga."

Ndugu yangu wa kalamu nyekundu, nakuuliza kwa heshima: ulinunua nini? Tangu mwaka 2008 tunayo sheria ya umiliki wa sehemu za jengo, nayo haikufichwa. Chako peke yako ni ile sehemu iliyoandikwa katika hati yako. Ngazi, paa, uwanja, geti, tangi la maji na mabomba makuu ni vya wamiliki wote kwa pamoja, kila mmoja kwa kiasi cha fungu lake. Na fungu hilo halina mpaka. Huwezi kusimama uwanjani ukachora mstari kwa kidole cha mguu ukasema hapa ni pangu. Ndiyo maana sheria hiyo ikaweka chama cha wamiliki, ili vya pamoja viamuliwe kwa pamoja. Kwa hiyo aliyenunua amefungwa na utaratibu wa jengo kuliko mtu yeyote. Mpangaji akichoka atahama na virago vyake. Wewe utabaki na jengo lako bovu.

Sina haja ya kumhubiria mtu kuhusu haki ya jirani. Sisi ni watu wa dini. Mwislamu amefundishwa tangu chuoni kwamba kuondoa kinachoudhi njiani ni katika imani, na Mkristo anajua amri ya kumpenda jirani tangu akiwa mtoto. Basi huyu anayeondoa udhia njiani kwa imani, mbona ndiye huyo huyo anayeegesha gari mbele ya mlango wa ngazi na kuzima simu?

Tuanze na hayo magari, maana ndiyo yanayogombanisha watu wazima mbele ya watoto wao. Tuseme jengo lina nyumba 24, na uwanja wake una nafasi 18. Hakuna waraka utakaozaa nafasi ya 19. Nafasi moja ya gari dogo inataka upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 5, na karatasi ya ukutani haipanui ardhi. Kinachoweza kufanywa ni kugawa uhaba kwa haki. Nafasi 2 ziachwe kwa wageni na wagonjwa, 16 zigawiwe kwa kura kwa nyumba zenye gari, na kura irudiwe kila baada ya miezi 6 ili aliyekosa leo apate kesho. Gari la pili lisubiri mpaka kila nyumba ipate la kwanza. Hesabu hiyo anaielewa hata mtoto wa darasa la tatu. Lakini mwenye magari matatu haielewi, kwa sababu anadhani kuwahi kurudi nyumbani ni hati miliki.

Na magari ya wageni? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku hizi mgeni anaondoka na gari linabaki, limefunikwa turubai, matairi yamekaa chini, paka amezalia chini ya injini. Ukiuliza unaambiwa ni la shemeji, yuko safarini.

Yapo pia ya njia ya kuingilia, na hapo sitaki mzaha. Gari la zimamoto lina upana wa karibu mita 2.5, na pembeni wanatakiwa kusimama watu wanaofungua milango yake na kuvuta mipira ya maji. Njia ikibaki mita 2 na nusu kamili, gari halipiti; likipita, wafanyakazi wake hawashuki. Mita 4 ndizo za kuzilinda. Ukitaka kujua kama jengo lako limesalimika, usisubiri moto uwake ndipo upige simu 114. Toka saa nne usiku, magari yote yakiwa yamerudi, upime njia kwa futi kamba. Mchana kila uwanja ni mpana.

Sasa taka. Watu wengi wanadhani siku tatu za kutoa taka ni matakwa ya mwenyekiti mwenye kupenda ratiba. La hasha. Siku hizo zimepangwa na nzi. Katika joto letu yai la nzi linaanguliwa ndani ya siku moja tu. Funza anakula katika maganda ya ndizi na mabaki ya samaki kwa siku kama nne au tano, kisha anatambaa kutoka katika taka kutafuta mahali pakavu pa kugeuka. Baada ya wiki moja hivi, au siku kumi, amekuwa nzi mwenye mabawa. Taka zikichukuliwa kila baada ya siku mbili au tatu, funza huondoka nazo kabla hajatoka. Zikikaa wiki nzima, mzoaji anachukua taka na kukuachia nzi. Dalili yake iko wazi: inama utazame chini ya ukuta wa sehemu ya kutupia taka. Ukiona weupe mdogo mdogo unatambaa sakafuni kuelekea kwenye ufa, ujue ratiba imevunjwa.

Jengo hilo la nyumba 24 lenye watu watano kila nyumba, kila mtu akitoa nusu kilo tu kwa siku, linatoa kilo 60 kila siku ya Mungu. Sehemu kubwa ni za jikoni, yaani mbichi na zenye maji. Mbichi ndizo zinazonuka na kuvuja. Kavu hazina ugomvi na mtu. Kwa hiyo waraka unapotaka ndoo yenye mfuniko kwa taka mbichi na mfuko mwingine kwa chupa, makopo na makaratasi, hautafuti ustaarabu wa mapambo. Chupa zikiwa safi, waokota chupa watazichukua wenyewe bila kupasua mifuko. Zikichanganywa na ugali uliochacha, watapasua, na wewe utawaita wahuni.

Tena usitoe mfuko usiku wa kuamkia siku ya taka. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wenyeji wetu. Waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wasaidie kula taka za mji, na leo wameenea pwani nzima. Wanaamka kabla yako. Mfuko uliotolewa saa tano usiku, kufika saa kumi na mbili asubuhi umekwisha kusomwa kurasa zote uwanjani, pamoja na risiti zako na nepi za mtoto wako.

Na msimsingizie dada wa kazi. Binti wa watu anapewa mfuko unaovuja, ghorofa ya nne, chapati ziko motoni, mtoto analia, naye anaambiwa "kimbia ukatupe." Akiuacha kwenye ngazi ya ghorofa ya pili, mwenye makosa ni nani? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nunua ndoo yenye mfuniko.

Kuhusu ngazi nitasema machache. Kabati la viatu, baiskeli mbovu na magunia ya mkaa vikikaa kwenye ngazi, usiku wa moshi watu watajikwaa hapo hapo. Na mtungi wa gesi usiuweke chini ya ngazi kwa kudhani uko nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai ikaenda zake. Inashuka na kutuama mahali pa chini, ikingoja kiberiti.

Nilikusudia kuishia hapo, ila waraka ule umesahau jambo moja nami siwezi kulinyamazia: honi za getini. Muungwana anarudi saa sita usiku, anasimama nje ya geti na kukandamiza honi kana kwamba mlinzi ni kiziwi na sisi wengine ni maiti. Wagonjwa wanaamka, vichanga vinaamka, mbwa wa mtaa wa pili wanaitikia. Miguu anayo, kioo cha gari kinashuka, na mlinzi yuko hatua kumi. Huyo huyo, asubuhi mlinzi akimwomba asogeze gari, anamuuliza, "Unanijua mimi ni nani?" Anakujua sana, mzee. Ndiwe wa honi.

Nisiwaonee wakazi peke yao. Uongozi nao una lake. Waraka umetaja faini, lakini haukutaja risiti, wala daftari, wala fedha zitafanya kazi gani. Mali bila daftari huisha bila habari. Waraka umempa mlinzi kazi ya kusimamia, lakini haukumpa hata karatasi ya majina na namba za nafasi. Na macho ya jengo zima yatakuwa kwenye gari la mwenyekiti wiki ya kwanza. Likionekana limeegeshwa njiani "kwa dakika mbili", waraka umekufa siku hiyo, maana hakuna atakayekubali mambo ya kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Zaidi ya hayo, waraka uliobandikwa bila mkutano ni mwaliko wa kalamu nyekundu. Watu huheshimu walichokijadili, hata kama kura zao zilishindwa.

Basi uongozi uitishe mkutano wa wamiliki, usome waraka kipengele kwa kipengele, ukubali kurekebishwa, kisha uupitishe uwe kanuni ya jengo zima, na mwenyekiti awe wa kwanza kutozwa. Nanyi wakazi, ambao najua ni watu waungwana mliolelewa vizuri, msiuache mkutano kwa wastaafu wanne na katibu halafu mkaja kulalamika kwenye ngazi. Njooni mseme. Na wewe wa kalamu nyekundu, njoo na hoja yako na jina lako. Ila kabla ya kupanda kuja kikaoni, sogeza gari.