Kadi sita tu zinakula elfu saba

Wasee wengi wanaotengeneza gemu za mezani hapa Nairobi wanachora kadi 60 kwa sababu 60 inakaa namba poa, halafu ndio wanashuka River Road kuuliza bei. Mimi naona hiyo ni kuanzia nyuma. Anza na karatasi.

Ukichapa nakala chache, sema 50, kazi itapita kwa printa ya dijitali, na karatasi yake kubwa ni SRA3, yaani milimita 320 kwa 450. Kadi ya kawaida ni 63 kwa 88. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatiwa, sasa ni 69 kwa 94. Zipange tatu kwa upande mfupi, sita kwa mrefu: unapata 18. Kwa hivyo kadi 54 ni karatasi tatu kamili. Kadi 60 ni karatasi nne, na ya nne inabeba kadi sita pekee.

Tuseme umeambiwa shilingi 140 kwa karatasi ya gramu 300, ikichapwa na kupigwa laminesheni pande zote mbili. Hizo kadi sita zimekuongezea 140 kwa kila gemu. Mara 50, ni elfu saba! Ama uzitoe, ama ujaze hiyo karatasi na kitu, mfano tiketi za pesa za gemu.

Tuendelee na hesabu ya mfano. Kadi 54 ni 420. Sanduku la kukunja linatoka kwa karatasi moja, 140. Ubao wa kadibodi ngumu uliobandikwa stika, 250. Dadu mbili, 40. Kukata na kukunja, 100. Jumla 950. Kete usinunue, tumecheza drafti na vifuniko vya soda miaka yote na hakuna mtu amewahi lalamika.

Lakini 950 si bei yako ya kweli. Kuna karatasi zitakatwa vibaya, zingine laminesheni itashika mapovu. Weka sehemu moja ya kumi juu, ufike kama 1,045. Ukiuza 1,000 ukidhani umepata faida ya hamsini, unalipia watu wacheze.

Hizo hasara unaweza kuzipunguza kwenye mchoro. Usiweke fremu nyembamba nyuma ya kadi. Mbele na nyuma hazilingani kabisa kwa printa hizi, na ikisonga milimita moja tu, fremu inakuwa nene upande mmoja. Mchezaji mjanja ataitambua kadi hiyo bila kuifunua. Tumia rangi au mchoro unaojaza hadi ukingoni. Na kabla ya kulipia 50, chapa nakala moja, uinue kadi kwa mwangaza uone kama pande zinalingana.

Gemu yako ina kadi ngapi? Gawanya kwa 18 kwanza, halafu tuongee.