Mfano ukae katikati: hoja kuhusu mabango yetu ya makongamano

Mabango mengi ambayo wanafunzi wa lugha hupeleka kwenye makongamano ni tasnifu zilizokatwakatwa. Utangulizi huwa safu ya kwanza, mapitio ya maandishi safu ya pili, nadharia na mbinu safu ya tatu, na matokeo husukumwa mwisho wa safu ya nne, usawa wa magoti. Msomaji anayetaka kuyaona inambidi achuchumae. Hoja yangu ni kwamba katika bango la isimu mfano wa lugha ndio mchoro wetu, na mchoro huo ndio unaopaswa kupangwa kwanza, katikati, usawa wa macho. Mengine yote yapangwe kuuzunguka.

Kwetu sisi tunaotoka Punia, hili si suala la urembo. Msomaji wa Dodoma, Nairobi au Leiden amekwisha kusoma kuhusu Kiswahili sanifu, lakini Kiswahili cha kaskazini mwa Maniema huenda hajawahi kukisikia. Kitu pekee tunachoweza kumpa ambacho hakipati kwingine ni data. Nadharia anaijua, na pengine anaifundisha. Tukimpa nusu ya bango kwa mambo anayoyajua na kuficha yale asiyoyajua, ataondoka kabla hatujafungua mdomo.

Tuchukue mfano mmoja na kuupanga hadi mwisho. Vitabu vya sarufi sanifu hutufundisha kwamba udogo huonyeshwa kwa ki- na vi-: kitoto kinalia, vitoto vinalia. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo tunasikia ka- na tu-, viambishi vya ngeli ya 12 na ya 13 katika hesabu ya lugha za Kibantu: katoto kanalia, tutoto tunalia. Tuseme mwanafunzi amerekodi wazungumzaji wa Punia na anataka kuonyesha kwamba viambishi hivyo haviishii kwenye nomino, bali huvuta upatanisho hadi kwenye kitenzi.

Aanzie kwenye kichwa. Mazoea yetu yangempa kitu kama hiki: “Uchunguzi wa Kimofosintaksia wa Viambishi vya Udogo katika Kiswahili cha Kongo Mashariki: Mfano wa Punia, Jimbo la Maniema.” Kichwa hicho kinataja mada bila kusema kilichopatikana. Mpita njia akikisoma hana sababu ya kusimama, maana hajui kama mtafiti ameona lolote. Mimi ningeandika: “Katoto kanalia: katika Kiswahili cha Punia udogo hufika hadi kwenye kitenzi.” Hapo msomaji anapewa mfano na dai kwa pamoja, na hata asiposoma zaidi ameondoka na kitu. Herufi za kichwa ziwe pointi 90 hivi, ziweze kusomeka kutoka upande wa pili wa ujia, na kichwa kisizidi mistari miwili.

Kisha aje kwenye karatasi. Ukubwa unaoombwa mara nyingi ni A0, yaani milimita 1189 kwa 841. Mashine ya kuchapa karatasi hiyo haipatikani kila mji, na anayetoka Punia asitarajie kuikuta njiani. Lakini A0 ni A4 kumi na sita kamili. Bango likilala, zinakaa safu nne za kwenda chini na mistari minne ya kwenda kulia, kila A4 ikiwa imelala. Napendekeza mpangilio wenyewe ufuate gridi hiyo tangu mwanzo, hata kama utachapa kwenye karatasi moja. Kila A4 iachiwe pambizo la milimita 15 pande zote, ili kati ya safu na safu ibaki nafasi nyeupe ya sentimita tatu. Nafasi hiyo humwonyesha msomaji kwamba safu imekwisha, na ndipo viungo vya karatasi vitakapoangukia bila kukata neno. Kwenye mstari wa juu, ambako kichwa kinapita karatasi zote nne, sogeza maneno mpaka kila kiungo kiangukie kwenye nafasi kati ya neno na neno.

Mstari wa juu ukishachukuliwa na kichwa, jina na chuo, zinabaki karatasi kumi na mbili. Nne za katikati, chini ya kichwa tu, ndizo za mfano. Bango likitundikwa ukingo wake wa juu ukiwa sentimita 185 kutoka sakafuni, karatasi hizo zinaanza sentimita 164 na kuishia 122. Hapo ndipo macho ya mtu mzima aliyesimama yanapotua bila kuinama.

Karatasi nne, sentensi nne. Kushoto juu: kitoto kinalia. Chini yake: vitoto vinalia. Kulia juu: katoto kanalia. Chini yake: tutoto tunalia. Umoja uko juu na wingi chini, sanifu kushoto na Punia kulia. Msomaji halazimiki kuelezwa alinganishe nini na nini, kwa sababu mahali pa kila sentensi pamekwisha kumwambia. Viambishi viandikwe kwa herufi nene, na ukitumia rangi, tumia buluu na rangi ya machungwa. Nyekundu na kijani huwachanganya wasioweza kuzitofautisha, na karatasi ikitolewa nakala nyeusi rangi hupotea, lakini herufi nene hubaki.

Sentensi ya nne inahitaji uangalifu wa pekee. Mtu wa Zanzibar akiona “tunalia” ataelewa kwamba sisi ndio tunaolia. Ndiyo maana chini ya kila sentensi lazima uwepo mstari wa uchanganuzi, na chini yake mstari wa maana. Chini ya tutoto tunalia utaandika tu-toto tu-na-lia, kisha ng.13-toto ng.13-wakati uliopo-lia, kisha “watoto wadogo wanalia”. Bila mistari hiyo data inayothibitisha dai ndiyo itakayosomwa kama kosa. Ipange kwa jedwali lisilo na mistari, kila neno na kisanduku chake. Ukipanga kwa kubonyeza nafasi, siku utakapobadilisha fonti kila uchanganuzi utahama na kukaa chini ya neno lisilo lake. Wanaoshughulikia Kikomo au Kilega na alama za toni watumie fonti iliyoundwa kwa kazi hiyo, kwa mfano Charis SIL, na wahifadhi kazi kama PDF yenye fonti ndani yake, la sivyo vokali zao zitageuka visanduku vitupu kwenye mashine ya mchapaji.

Safu ya kushoto ibebe swali, ramani ndogo na namna data ilivyopatikana. Ramani iwe na Punia, Kindu, Kisangani na mto Lualaba, basi. Ramani ya utawala yenye kila kijiji haimsaidii mtu anayeuliza tu hapa ni wapi. Karatasi mbili za chini katikati zichukue ushahidi wa ziada, kwa mfano jedwali la nomino nyingine na sentensi zilizokataa kufuata kanuni. Safu ya kulia iseme dai linatufundisha nini na wapi halijathibitika. Rejeleo tatu au nne zinatosha, kwa herufi ndogo, chini kabisa.

Mtiririko huu ni wa kushuka safu kwa safu, kutoka kushoto kwenda kulia, na sababu yake ni miguu. Watu husimama mbele ya bango wakiwa watatu au wanne. Maandishi yakishuka, kila mmoja husimama mbele ya safu yake na kusogea kulia anapomaliza. Yakikimbia upande hadi upande, kila msomaji hulazimika kutembea upana wote wa bango kila mstari, na wanagongana. Mishale haiponyi mpangilio mbaya. Bango linalohitaji mishale huwa limepotea njia tayari.

Jaribio moja linatosha kabla ya kulipia uchapaji. Chapa bango zima kwenye A4 moja, uishike umbali wa sentimita 40. A4 ni robo ya A0 kwa upana na kwa urefu, kwa hiyo unachoona ni sawasawa na bango kamili kutoka mita 1.6, pale anaposimama msomaji. Herufi za pointi 32 zitakuwa za pointi 8, na utazisoma. Za pointi 20 zitakuwa za 5, nazo utakunja uso. Ulichoshindwa kusoma wewe uliyeandika, mgeni hatajaribu. Usipunguze herufi ili maneno yaenee, punguza maneno. Maneno 500 yanatosha bango zima.

Najua pingamizi mbili. Ya kwanza ni ya baadhi ya walimu wetu, kwamba bango lisilo na mapitio ya maandishi si la kisayansi. Mapitio hayajafutwa. Yamekuwa sentensi mbili kwenye safu ya kushoto: nani alisema nini, na sisi tunaongeza nini. Mengine yako kichwani mwa mtafiti anayesimama pembeni, na kazi yake ni kujibu. Pia kongamano likitoa vipimo au vichwa vya lazima, vifuatwe. Bango likitakiwa kusimama, zigeuze A4 zisimame na gridi itabaki ileile.

Ya pili inatoka upande mwingine. Mwaka 2019 Mike Morrison, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari wa saikolojia huko Michigan, alipendekeza bango lenye sentensi moja kubwa katikati, inayosema matokeo kwa lugha ya kawaida, na mengine yote yasukumwe pembeni. Wengi walimfuata, na ninakubaliana naye kwamba matokeo yasifichwe. Lakini kwa isimu sentensi pekee haitoshi. Mwanaisimu haamini dai kuhusu upatanisho mpaka auone upatanisho wenyewe. Ukimwambia kwamba ka- hufika kwenye kitenzi, swali lake la kwanza litakuwa “katika sentensi ipi?” Kwa hiyo dai likae kwenye kichwa, na katikati ikae sentensi yenyewe.

Ningependa kitivo chetu kiwape wanafunzi kiolezo cha gridi hii badala ya kile chenye visanduku vya Utangulizi, Mapitio na Nadharia vilivyokwisha kuchorwa. Kiolezo hicho huamua mahali pa data kabla mtafiti hajaikusanya, na mahali penyewe ni chini kulia, karibu na sakafu.