Deni Lina Umri Wake



Mama mwenye duka la mtaani, akifunua daftari lake la wakopaji, kwa kawaida hutafuta jibu la swali moja: huyu namdai kiasi gani? Liko swali la pili ambalo daftari nyingi haziwezi kulijibu, nalo ni: namdai tangu lini?

Sababu yake ni mtindo wa uandishi uliozoeleka. Mteja akichukua unga, jumla ya zamani hupigwa mstari na jumla mpya huandikwa chini yake. Akileta shilingi mia mbili, jumla hiyo nayo hupigwa mstari. Mwishowe ukurasa unabaki na tarakimu moja tu, yenye tarehe ya jana. Deni la miezi miwili limevishwa nguo mpya, na mwenye duka hulitazama akadhani ni changa.

Basi tufanye hivi. Kila mteja awe na ukurasa wake, na ukurasa uwe na safu nne: tarehe, maelezo, alichochukua na alicholipa. Hakuna kinachofutwa. Tuchukue mfano wa jirani mmoja:

3 Machi, mchele na mafuta: amechukua 1,200
20 Machi, sukari na unga: amechukua 800
28 Machi: amelipa 500
11 Aprili, mchele: amechukua 600
25 Aprili: amelipa 500
2 Mei, majani ya chai na sabuni: amechukua 400
10 Mei: amelipa 500

Amechukua 3,000 na amelipa 1,500. Salio ni 1,500. Jirani wa pili alichukua bidhaa za 1,500 tarehe 5 Mei na hajalipa kitu. Kwa jumla wako sawa. Tena huyu wa kwanza huonekana mwema zaidi, kwani kila baada ya muda mkono wake huleta kitu.

Sasa, tarehe 15 Mei, tuyapime madeni yao kwa umri. Kanuni ni kuwa malipo huanza kulipa deni kongwe, isipokuwa mteja mwenyewe ametaja anacholipia. Hapo huandikwa alichokitaja. Zile 1,500 za jirani wa kwanza zinamaliza 1,200 za tarehe 3 Machi, na 300 zinazobaki zinapunguza 800 za tarehe 20 Machi. Kwa hiyo bado anadaiwa 500 za siku 56, 600 za siku 34, na 400 za siku 13. Ukizijumlisha unarudi kwenye 1,500. Zisipolingana na salio, ujue pana mstari ulioachwa.

Yaani 1,100 katika deni lake zimevuka mwezi mmoja, na asipolipa kabla ya tarehe 20 Mei, zile 500 zitavuka siku 60. Jirani wa pili deni lake lote ni la siku kumi. Anayehitaji kuzungumzwa naye wiki hii ni yule wa kwanza, na jambo la kuzungumza ni hili: kwa muda wote huo amekuwa akichukua zaidi ya anavyolipa, hivyo deni halimaliziki. Mwambie kwa upole kwamba hadi zile za Machi zitakapokwisha, bidhaa mpya atalipia papo hapo.

Kazi hii ya kupima umri haihitaji kufanywa kila siku. Ijumaa moja ya kila mwezi yatosha: mafungu matatu, yaani hadi siku 30, siku 31 hadi 60, na zaidi ya 60. Fungu la tatu likikua mwezi hadi mwezi, fedha za kununulia bidhaa mpya zimelala katika nyumba za watu.

Mambo mawili yalindwe. Kwanza, mtoto akitumwa dukani, andika jina lake kando ya bidhaa, na mzazi aone ukurasa huo afikapo. Ugomvi mwingi huanzia kwa kilo ya sukari ambayo mama hakuambiwa. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inaamrisha deni liandikwe, liwe dogo au kubwa, na mwenye kudaiwa ndiye atamke kinachoandikwa. Basi msomee mteja mstari wake kabla hajaondoka.

Pili, umri wa deni hauongezi kiasi chake. Shilingi 500 za Machi ni 500 mwezi wa Mei. Kuzidisha kwa sababu ya kuchelewa ni riba. Na aliyekwama kweli, aya ya 280 ya sura hiyo hiyo inaagiza apewe muhula. Muhula huo nao uandikwe kwa tarehe, ili asiyeweza kulipa asichanganywe na asiyetaka.