Zabuni za 2015 kwenye wasifu wa leo

KAZI NA WATU, safu ya kila wiki ya Rehema Makame

Mtu akiandika kwenye wasifu wake "afisa manunuzi, halmashauri ya wilaya, 2010 hadi 2015", maneno hayo yana ukweli na yana mtego. Ukweli ni kwamba aliwahi kuandaa zabuni za serikali kwa miaka sita. Mtego ni kwamba zabuni alizoandaa ziliingizwa kwenye sanduku zikiwa ndani ya bahasha zilizofungwa kwa lakiri, zikafunguliwa mbele ya wawakilishi wa wazabuni, chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2004 na baadaye ya 2011. Sheria hizo hazitumiki tena. Iliyopo ni ya 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, na zabuni za taasisi za umma Tanzania sasa hupita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, ulioingia 2023 kuchukua nafasi ya TANePS. Mwombaji huyo hajawahi kugusa mfumo wowote kati ya hiyo miwili.

Kamati ya kuchuja maombi inapokutana na wasifu wa namna hii hushika njia moja kati ya mbili. Ya kwanza ni kuhesabu miaka: sita ni sita, apewe alama zote. Ya pili ni kutazama kazi ya sasa tu. Huyu tangu 2016 anasimamia ghala na magari ya kampuni binafsi, kwa hiyo si mtu wa manunuzi ya umma, wasifu wake uwekwe pembeni. Njia zote mbili ni za haraka na zote zinakosea, ila ya pili inakosea kwa namna isiyoonekana, kwa sababu aliyewekwa pembeni haitwi tena na hakuna anayejua angefanya nini.

Kazi za karibuni zinastahili uzito zaidi. Hilo halina ubishi mkubwa. Utafiti wa Winfred Arthur na wenzake wa 1998, uliokusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu ujuzi unaokaa bila kutumika, ulionyesha kwamba ujuzi hupungua kadiri muda wa kutoutumia unavyorefuka. Lakini utafiti huohuo ulionyesha jambo ambalo kamati nyingi hulisahau: ujuzi wote haupotei kwa kasi moja. Kazi za kutumia akili na kufuata hatua zilizopangwa na watu hufifia upesi kuliko kazi za mwili. Ukilipeleka hilo kwenye meza ya manunuzi, utaona kwamba hatua za mfumo, namba za vifungu na fomu gani inafuata fomu gani ndivyo vinavyotoka kichwani mapema. Bahati njema, hivyo pia ndivyo vinavyofundishika upesi.

Marubani wamelishughulikia swali hili kwa muda mrefu, na namna yao inafaa kutazamwa. Kanuni inayotumika katika nchi nyingi inasema rubani habebi abiria kama katika siku 90 zilizopita hajaruka na kutua angalau mara tatu kwa ndege ya aina hiyo. Akipitisha siku hizo, leseni yake haichanwi, wala saa zake elfu kadhaa angani hazifutwi kwenye daftari. Anatakiwa kwanza aruke na kutua mara hizo tatu bila abiria, au kwenye mashine ya kuigiza urukaji pale kanuni inaporuhusu, kisha anarudi kazini. Kanuni hiyo haiulizi cheo chake cha mwisho kilikuwa kipi. Inauliza kitendo chenyewe kilifanyika lini, na inampa njia ya kukionyesha upya.

Tuchukue mfano wa kubuni na tuupige hesabu. Taasisi ya umma inatafuta afisa manunuzi. Tangazo linadai uzoefu wa manunuzi ya umma usiopungua miaka mitatu. Mwombaji wa kwanza ndiye yule wa halmashauri, miaka sita iliyoishia 2015, na tangu hapo ni mkuu wa ghala na usafirishaji katika kampuni binafsi, ambako anajadiliana bei na wauzaji na kusimamia mikataba yao. Mwombaji wa pili ana miaka mitatu kamili, 2023 hadi 2025, kama msaidizi katika kitengo cha manunuzi cha taasisi ya umma. Anaijua NeST vizuri, ila hajakaa kwenye kamati ya tathmini hata mara moja.

Kamati inaweka mizani: mwaka wa kazi ndani ya miaka mitano iliyopita unahesabiwa mzima, wa miaka mitano hadi kumi nusu, uliopita kumi robo. Miaka sita ya mwombaji wa kwanza, ukisimama mwanzoni mwa 2026, yote imeangukia kwenye robo. Anabaki na mwaka mmoja na nusu. Wa pili ana mitatu.

Hapo ndipo kosa kubwa hutokea, na hutokea kimyakimya. Mtu anachukua ile moja na nusu, anailinganisha na sharti la miaka mitatu, anaandika "hakukidhi". Lakini sharti la tangazo liliandikwa kwa miaka ya kalenda. Halikusema "ndani ya miaka mitano iliyopita". Mwombaji alilisoma, akaona ana sita, akaomba kwa haki. Kutumia miaka iliyopunguzwa thamani kupima sharti la chini ni kubadilisha tangazo baada ya dirisha la maombi kufungwa. Mizani ya muda ni ya kupanga nani yuko juu ya nani kati ya waliokwisha kukidhi. Taasisi ikitaka uzoefu wa karibuni tu, iandike hivyo kwenye tangazo, na iwe na sababu.

Kosa la pili ni kuweka uzito juu ya cheo badala ya ujuzi. "Manunuzi ya umma" si kitu kimoja. Kuna taratibu na mfumo. Kuna tathmini ya zabuni, yaani kusoma nyaraka za mzabuni na kugundua kilichopungua. Kuna usimamizi wa mkataba, kuhakikisha mzigo umefika kwa ubora, wingi na wakati uliokubaliwa. Tuseme kwa nafasi hii kamati inayapa mambo hayo alama 30, 40 na 30.

Kwenye taratibu na mfumo, mwombaji wa kwanza anastahili alama chache sana, tuseme 5, kwa sababu sheria, kanuni na mfumo vyote vimebadilika. Wa pili anapata 27. Kwenye tathmini, wa kwanza alikaa kwenye kamati kwa miaka mingi. Ni zamani, kwa hiyo hapewi zote, lakini mzabuni anayeficha upungufu kwenye jedwali la bei anauficha leo kama alivyouficha 2012. Apewe 25. Wa pili, ambaye aliandaa nyaraka tu, apewe 15. Kwenye mkataba, wa kwanza anafanya kazi hiyo hadi leo, ila chini ya cheo kingine: 28. Wa pili 12. Jumla ni 58 kwa 54.

Tofauti ya alama nne ni ndogo kuliko makosa ya jicho la anayesahihisha, kwa hiyo haimpi mtu kazi. Inachosema ni kwamba wote wawili waitwe kwenye usaili. Ile hesabu ya moja na nusu ingemwita mmoja tu, na ile ya kuhesabu miaka bila kupunguza ingempa wa kwanza ushindi asioustahili.

Ujuzi wa zamani una tabia nyingine inayopotosha macho. Waandishi wa wasifu wameshauriwa miaka yote wazifupishe kazi za zamani, na wanatii. Kazi ya 2010 inapewa mstari mmoja, ya sasa inapewa nusu ukurasa. Msomaji anauona mstari mmoja na kudhani kazi ilikuwa nyepesi. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mwombaji wa aina hii, hata kwa simu, liwe la ukubwa: zabuni ngapi kwa mwaka, za vifaa au za ujenzi, yeye alisaini nini na afisa masuuli alisaini nini. Mtu aliyeifanya kazi hujibu kwa mifano. Aliyekuwa karibu nayo tu hujibu kwa maneno ya jumla.

Kisha lije zoezi, dakika 45, kwa wote wawili. Wapewe zabuni tatu za kubuni za samani za ofisi. Ya kwanza ina bei ya chini kabisa, ila muda wa uhalali wa zabuni ni mfupi kuliko uliotakiwa. Ya pili ina kosa la hesabu kwenye jumla ya jedwali la bei. Ya tatu iko sawa lakini ni ghali. Anayesahihisha asihesabu makosa tu, aangalie ni ya aina gani. Mtu ambaye ujuzi wake umepata kutu atakosea majina na hatua: atataja kifungu cha sheria ya zamani, ataandika kwamba wazabuni waitwe kushuhudia ufunguzi wa bahasha. Hayo yanarekebishwa kwa mafunzo mafupi ya mfumo na kuisoma sheria mpya. Lakini asiyeona kabisa kwamba ule muda wa uhalali hautoshi, akampa ushindi mwenye bei ya chini, upungufu wake haumalizwi na semina, hata kama kila siku anafungua NeST.

Ipo hali ambapo wa pili achukuliwe bila kusita. Taasisi yenye afisa manunuzi mmoja tu, ambaye ameondoka, huku zabuni tatu zinafungwa ndani ya wiki mbili, haina nafasi ya kumsubiri mtu ajifunze mfumo. Na ipo hali ya kinyume, ambapo kitu chenyewe hakikubadilika na ujuzi wa zamani ndio unaotafutwa. Aprili 2020, wakati wa korona, gavana wa New Jersey, Phil Murphy, aliomba hadharani wajitokeze watu wanaojua COBOL, lugha ya kompyuta iliyozaliwa 1959, kwa sababu mfumo wa mafao ya wasio na kazi ulikuwa bado unaitumia na maombi yalikuwa yamefurika. Wengi wa wanaoijua ni watu waliojifunza miongo mingi iliyopita. Mizani ya robo kwa kila mwaka uliopita kumi ingewafukuza haohao waliohitajika.

Liko pia suala la sheria, ambalo maofisa rasilimali watu wanapaswa kulijali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya umri, ujauzito na majukumu ya familia, na inamlinda mwombaji wa kazi pia. Kushusha thamani ya kila kilichofanyika zamani, bila kuuliza ni ujuzi upi na umebadilika vipi, huwaangukia zaidi watu wenye umri mkubwa na wanawake waliokaa nje ya ajira wakilea watoto. Kamati iliyoandika kwenye kumbukumbu zake "taratibu: alama 5, kwa kuwa alifanya kazi chini ya sheria za 2004 na 2011 na hajatumia NeST" ina jibu mkononi siku mwombaji akikata rufaa. Iliyoandika "uzoefu wa zamani" pekee haina.